Moja kwa kumi: kisa cha chupa tatu za floraidi

Sampuli ya maji ya kisima kirefu kutoka kijiji kimoja kwenye miteremko ya Mlima Meru ilifika maabara asubuhi, na kabla ya saa tisa alasiri karatasi ya majibu ilikuwa imeshaandikwa: floraidi, miligramu 1.57 kwa lita. Katika ukanda ule namba hiyo si ndogo. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia floraidi nyingi kwenye maji ya ardhini, na wenyeji wengi wanayajua meno ya kahawia tangu utotoni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa, kwa hiyo jibu la 1.57 lingetosha kuifanya kamati ya maji ya kijiji iambiwe kwamba kisima chao kimevuka kikomo.

Jibu halikuwa sahihi. Maji yale yalikuwa na miligramu 1.20. Elektrodi ilikuwa nzima, mita ilikuwa nzima, chumvi iliyopimwa kwenye mizani ilikuwa safi na uzito wake ulikuwa sawasawa. Kosa lilikuwa katika jinsi chupa tatu za myeyusho sanifu wa kusawazishia mita zilivyotayarishwa, na lilitokana na maneno manne ya karatasi ya maelekezo: zimua moja kwa kumi. Nilikuwa msimamizi wa zamu siku ile na karatasi ile niliiandika mimi, kwa hiyo naeleza kisa hiki kwa urefu unaostahili.

Kazi yenyewe huanza na myeyusho mama. Gramu 2.210 za sodiamu floraidi iliyokaushwa huyeyushwa katika maji yaliyokenekwa, kisha hujazwa hadi lita moja kamili. Uzito huo una sababu. Kila gramu 41.99 za chumvi hiyo hubeba gramu 19.00 za floraidi, na zilizobaki ni sodiamu; hivyo gramu 2.210 hubeba gramu moja ya floraidi, na lita ile inakuwa na ukolezi wa miligramu 1000 kwa lita. Huhifadhiwa katika chupa ya plastiki, kwa kuwa floraidi na kioo havipatani vikikaa pamoja muda mrefu.

Kutoka hapo tunahitaji myeyusho mitatu ya kusawazishia mita: wa miligramu 100, wa 10 na wa 1 kwa lita. Mtu angeweza kuutengeneza huo wa 1 kwa hatua moja, kwa kuchukua mililita 1 ya myeyusho mama na kuijaza hadi lita nzima, lakini kupima mililita 1 kwa pipeti kunataka mkono mtulivu zaidi, na lita nzima ya maji yaliyokenekwa inatumika kwa chupa moja. Ndiyo maana tunazimua kwa mfululizo. Mililita 10 za myeyusho mama huwekwa kwenye flaski ya ujazo wa mililita 100, kisha maji huongezwa hadi alama iliyochorwa shingoni. Flaski hiyo inakuwa mama wa inayofuata: mililita 10 zake huingia kwenye flaski nyingine ya 100 na kujazwa hadi alama, na vivyo hivyo mara ya tatu. Hesabu ya kila hatua ni ile ile, kwa kuwa floraidi iliyoingia na pipeti haiongezeki wala haipungui kwa kutiliwa maji:

C1 × V1 = C2 × V2

1000 × 10 = C2 × 100, basi C2 = 100

Katika fomula hiyo, V2 ni ujazo wote wa mwisho, yaani kile kilichoingia na pipeti pamoja na maji yote yaliyoongezwa. Si ujazo wa maji peke yake. Kisa chote hiki kimesimama juu ya jambo hilo moja.

Kijana aliyekuwa zamu siku hiyo ni fundi wa maabara mwenye bidii na mwandiko safi, na bila mwandiko ule tusingeweza kurudi nyuma na kuona kilichotokea. Flaski za ujazo wa mililita 100 zilikuwa zimebaki chache na zilikuwa kazini mezani pengine. Akachukua bika tatu, akapima kwa silinda mililita 100 za maji yaliyokenekwa katika kila moja, halafu akaingiza mililita 10 kwa pipeti: kutoka myeyusho mama kwenda bika ya kwanza, kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kutoka ya pili kwenda ya tatu. Akakoroga vizuri kila hatua na kusuuza pipeti kila mara. Akabandika lebo: 100, 10, 1.

Kwa masikio ya Kiswahili alitii maelekezo kama yalivyoandikwa. Fundi ujenzi akimwambia kibarua wake achanganye saruji na mchanga moja kwa nne, kibarua hutia ndoo moja ya saruji na ndoo nne za mchanga, na hakuna anayetegemea kwamba mchanganyiko wote uwe ndoo nne. Sharubati ya kuchanganya na maji nayo huelezwa hivyo hivyo. Moja kwa kumi, katika lugha tunayoitumia kila siku, ni sehemu moja ya hiki na sehemu kumi za kile, jumla sehemu kumi na moja. Mimi niliyeandika karatasi ile nilikuwa na maana ya sehemu moja ndani ya jumla ya kumi, na nilidhani kila mtu wa maabara angeisoma hivyo. Hata vitabu vya fani havikubaliani, kwa kuwa alama ya 1:10 baadhi huisoma kwa maana ya kwanza na wengine kwa ya pili.

Sasa tuone hesabu inasemaje juu ya bika zile. Katika hatua ya kwanza ujazo wa mwisho ni mililita 110, kwa hiyo ukolezi ni 1000 × 10 ÷ 110, sawa na 90.9. Pengo la asilimia 9 si dogo, lakini mtu anaweza kulipita bila kuliona. Hatua ya pili haianzi tena na 100, inaanza na 90.9, na hiyo inagawanywa tena kwa 11, tunapata 8.26. Hatua ya tatu inaanza na 8.26 na kuishia 0.751. Chupa yenye lebo ya 1 ilikuwa na robo tatu tu ya kinachodaiwa na lebo.

Ukolezi wa mwisho baada ya hatua kadhaa hupatikana kwa kuzidisha vigawanyo vya hatua zote. Hatua tatu za kumi zinatoa 10 × 10 × 10, yaani 1000. Hatua tatu za kumi na moja zinatoa 11 × 11 × 11, yaani 1331. Wapo wanaojumlisha na kusema hatua tatu za kumi ni thelathini, na kosa hilo hujitangaza lenyewe kwa ukubwa wake. Hili la kumi na moja ni la hatari zaidi kwa sababu jibu linalotoka linaaminika.

Ni vizuri kuulinganisha ukubwa huo na makosa ya kawaida ya vyombo. Pipeti nzuri ya mililita 10 ya daraja la A inaruhusiwa kukosea kwa mililita 0.02, na flaski ya 100 ya daraja hilo hilo kwa mililita 0.08. Hata kama katika hatua zote tatu vyombo vyote vingekosea kwa upande mmoja, jumla isingefika asilimia 1. Kosa letu la hatua ya tatu lilikuwa asilimia 25. Hakuna pipeti ya bei yoyote ambayo ingelipunguza.

Elektrodi ya floraidi haisomi ukolezi moja kwa moja, inasoma milivolti, na milivolti hushuka kadiri floraidi inavyoongezeka. Kila myeyusho sanifu na kila sampuli huchanganywa kwanza na bafa kwa ujazo sawa, nusu kwa nusu, ili nguvu ya ioni na pH ziwe mamoja katika zote. Kuchanganya huko nako ni kuzimua, lakini kwa kuwa sampuli na myeyusho sanifu zote zimegawanywa kwa mbili, kigawanyo hicho kinajifuta na hakihitaji kuingia kwenye hesabu. Siku ile daftari lilionyesha milivolti -20.6 kwa chupa ya 100, 40.9 kwa chupa ya 10, na 102.3 kwa chupa ya 1. Sampuli ya kisima ilisoma 90.3.

Kijana aliniletea grafu. "Mzee, mstari umenyooka kabisa," akasema, na kweli ulikuwa umenyooka. Ukichora milivolti dhidi ya logi ya ukolezi, nukta zote tatu zililala juu ya mstari mmoja kana kwamba zimepangwa kwa rula. Ni jambo la kutarajiwa, kwa sababu kosa lilikuwa lile lile katika kila hatua: kila chupa ilikuwa moja ya kumi na moja ya iliyoitangulia, na umbali ulio sawa kati ya nukta hunyoosha mstari hata kama umbali wenyewe si ule ulioandikwa. Unyoofu wa mstari unathibitisha kwamba hatua zilifanana. Hauthibitishi kwamba zilikuwa sahihi.

Kilichonisimamisha ni mteremko wa mstari. Kati ya chupa ya 100 na ya 10 kulikuwa na milivolti 61.5, na kati ya 10 na 1 kulikuwa na 61.4. Kwa nyuzijoto 25 za Selsiasi, nadharia ya elektrodi ya ioni yenye chaji moja inatoa milivolti 59.2 kwa kila badiliko la mara kumi. Elektrodi iliyochoka au chafu hutoa pungufu ya hapo. Kutoa zaidi ya hapo haitakiwi, kwa kuwa elektrodi haina pa kuchota milivolti ambazo kemia haikuipa.

Kabla ya kuwashuku watu, joto lichunguzwe. Mteremko wa nadharia hupanda kwa karibu milivolti 0.2 kwa kila nyuzi moja, na ili ufike 61.4 myeyusho ungetakiwa kuwa na nyuzi 36 na zaidi. Katika mji wa pwani wenye chumba kisicho na kiyoyozi mtu angeweza kupata nyuzi 31 na mteremko wa 60.3 bila kosa lolote, kwa hiyo ni lazima kipimajoto kitumbukizwe ndani ya bika yenyewe na si kusomwa ukutani. Chetu kilisoma 25. Joto likatoka kwenye orodha.

Ikabaki swali moja: ikiwa elektrodi inatoa 59 kwa kila mara kumi, ni badiliko la mara ngapi linaloweza kutoa 61.4? Jibu linatoka kwenye logi. 61.4 ukigawa kwa 59.0 ni 1.041, na logi ya 11 ni 1.041. Nilipoona namba hiyo sikuhitaji kumuuliza kijana swali refu. Nilimuomba tu anionyeshe vyombo alivyotumia, naye akanionyesha silinda na bika tatu bila kusita.

Kabla sijaendelea na marekebisho, kuna kipengele kilichonifundisha zaidi ya kosa lenyewe. Kijana alikuwa amekwisha kufanya ukaguzi ambao wengi wetu tunautegemea. Alikuwa na sampuli nyingine, ya chemchemi yenye floraidi nyingi, iliyosoma miligramu 14.3 kwa lita. Kwa uangalifu wake aliizimua nayo moja kwa kumi, akaipima tena, akapata 1.43, akazidisha kwa kumi, akapata 14.3 ile ile. Akaridhika kwamba kila kitu kiko sawa, na mtu yeyote angeridhika.

Ukweli ni kwamba chemchemi ile ilikuwa na miligramu 12.0. Alipoizimua, aliigawanya kwa 11 na kupata 1.09, si 1.2. Lakini mstari wake wa kusawazishia ulikuwa umejengwa kwa hatua hizo hizo za kumi na moja zilizoitwa kumi, hivyo kila kushuka kwa mara kumi na moja mita ilikusoma kama kushuka kwa mara kumi. Kosa la sampuli likaingia barabara ndani ya kosa la mstari, na majibu mawili yakakubaliana kikamilifu huku yote mawili yakiwa yamepotoka kwa asilimia 19. Kuzimua sampuli na kuangalia kama jibu linarudi pale pale ni ukaguzi mzuri wa mambo mengi, lakini ukifanywa kwa mkono ule ule na kwa tafsiri ile ile ya maelekezo, hauwezi kugundua tafsiri hiyo. Ukaguzi unaofaa ni ule unaotoka nje ya mnyororo.

Tulifanya ukaguzi wa aina hiyo papo hapo. Nilichukua mililita 1 ya myeyusho mama kwa pipeti ya mililita 1, nikaijaza hadi alama katika flaski ya lita moja, nikapata myeyusho wa miligramu 1 usiopitia bika yoyote. Baada ya kuchanganywa na bafa, mita ilisoma milivolti 95.0, wakati chupa ya kijana yenye lebo ya 1 ilisoma 102.3. Tofauti ya milivolti 7 katika kazi hii ni kubwa mno. Elektrodi nzuri hurudia usomaji wake ndani ya milivolti moja hivi. Kisha tukatengeneza mfululizo mpya kwa flaski za ujazo, tukapata -23.0, 36.0 na 95.0, yaani milivolti 59.0 kamili kwa kila hatua.

Kwa mstari mpya, kisima kinahesabika hivi. Sampuli ilisoma 90.3, ambayo iko chini ya chupa ya 1 kwa milivolti 4.7. Gawa 4.7 kwa 59.0 upate 0.080, kisha inua 10 kwa kipeo hicho, na jibu ni 1.20.

Swali lililofuata lilikuwa kuhusu majibu mengine ya asubuhi ile, yaliyokuwa yamepimwa kwa mstari wa zamani na sampuli zake zimeshamwagwa. Je, yanaokolewa? Yanaokolewa, kwa masharti mawili: milivolti ghafi ziwe zimeandikwa daftarini na si ukolezi peke yake, na tujue kwa hakika kila chupa ilitengenezwaje. Yote mawili yalikuwepo. Hapo hakuna cha kubuni. Tunabadili lebo tu. Chupa ya 100 inaitwa 90.9, ya 10 inaitwa 8.26, na ya 1 inaitwa 0.751, kisha mstari unachorwa upya kwa milivolti zile zile. Nilijaribu kwanza kwenye kisima ambacho jibu lake tulikwisha kulijua. Logi ya 0.751 ni -0.124. Kutoka 102.3 hadi 90.3 ni milivolti 12.0, ambazo zikigawanywa kwa 59.0 zinatoa 0.203. Jumla ni 0.079, na ukolezi wake ni 1.20. Njia mbili zikakutana, na hapo ndipo nilipokubali majibu mengine yarekebishwe, kila moja likiwa na maelezo ya maandishi kando yake.

Jambo ambalo sikukubali ni kuzidisha majibu yote kwa namba moja. Lilipendekezwa kwa nia njema: kwa kuwa chupa ya 1 ilikuwa na 0.751, basi kila jibu lizidishwe kwa 0.751. Hesabu hairuhusu. Jibu la kisima lilipotoka kwa asilimia 31, la chemchemi kwa asilimia 19, kwa sababu kosa hukua kila unapokwenda mbali na myeyusho mama. Kisima kingesomeka 1.18, karibu na ukweli, lakini chemchemi ingeshuka hadi 10.7 badala ya 12.0.

Niseme pia mipaka ya dalili ya mteremko, maana wapo watakaoitegemea kupita kiasi. Inaona kosa la hatua kati ya chupa na chupa tu. Kama kosa liko kwenye myeyusho mama wenyewe, kwa mfano mtu amepima gramu 1.000 ya chumvi akidhani hiyo ndiyo gramu moja ya floraidi, myeyusho mama utakuwa na miligramu 452 badala ya 1000, chupa zote zitashuka kwa uwiano mmoja, mteremko utabaki 59.0 na mstari utanyooka, huku kila jibu likisomeka zaidi ya mara mbili ya ukweli. Kosa hilo hukamatwa kwa myeyusho wa udhibiti ulionunuliwa au kutengenezwa na mtu mwingine kutoka chupa nyingine ya chumvi. Na kama mtu amekosea upande wa pili, akatia maji pungufu katika kila hatua, mteremko utapungua, na mteremko uliopungua unafanana sana na ule wa elektrodi iliyozeeka. Sisi tulibahatika kwamba kosa letu liliusukuma mteremko upande ambao elektrodi haiwezi kwenda yenyewe.

Karatasi ya maelekezo niliiandika upya jioni ile. Maneno ya moja kwa kumi hayamo tena, wala alama ya 1:10. Kila hatua sasa inataja vyombo viwili na namba mbili: pipeti ya mililita 10, flaski ya ujazo ya mililita 100, maji hadi alama. Chini yake kuna nafasi ya kuandika mteremko na joto la myeyusho kabla ya sampuli ya kwanza kupimwa, na mteremko unaozidi ule wa nadharia kwa joto hilo kwa zaidi ya milivolti moja unasimamisha kazi. Bika hazitajwi popote, na flaski sita mpya za mililita 100 ziliagizwa wiki iliyofuata.

Kijana ndiye aliyejaza karatasi mpya ya kisima kile. Aliandika miligramu 1.20 kwa lita, na kando yake, kwa mwandiko wake ule safi, akaandika milivolti zote nne.